Nilisomea Kusikiliza, Mume Wangu Akanyamaza

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilibandika karatasi kwenye mlango wa nyumba yetu ya Nyakasanza, hapa Bunia, nikamzuia mume wangu asiende kazini mpaka anionyeshe kwa kidole anavyojisikia. Karatasi ilikuwa na nyuso nane zilizochorwa: ya furaha, ya huzuni, ya hasira, ya woga, na nyinginezo. Baba Neema akaikagua kwa makini, akageuza kichwa huku na huku, akauliza, "Na ya njaa iko wapi?"

Wewe ungecheka. Mimi sikucheka! Nilimjibu kwa sauti ya mwalimu, "Weye uko unajificha mu kichekesho." Akavaa kofia yake akatoka bila kunywa chai, na mimi nikaenda kuandika kwenye daftari kwamba mume wangu anakimbia hisia zake.

Nakwambia haya kwa sababu jana ulikuja na daftari lako jipya, macho yanawaka, ukanisomea maneno yote ya mafunzo yako, halafu ukasema mume wako siku hizi hakuelewi. Nilitaka kukukumbatia na kukufinya sikio kwa wakati mmoja. Na usidhani mimi upumbavu huu niliufanya nikiwa binti. Nilikuwa nimepita arobaini, mama wa watoto watatu, ila moyoni nilikuwa mtoto aliyepewa kalamu kwa mara ya kwanza.

Unajua tulifika Bunia tukikimbia vita kutoka Fataki. Baada ya hapo pikipiki ikipita kwa kishindo, miguu yangu ilikuwa inakufa ganzi, na nilikuwa nalia kwa sababu ya sufuria iliyoanguka. Nilidhani nimerogwa. Mama mmoja wa kanisani akanipeleka kwenye kituo cha kusikiliza watu, tukakaa wanawake kumi kwenye mkeka, na huko nikaambiwa kwamba mwili ulioogopa sana huendelea kuogopa hata hatari ikiisha. Wakatufundisha kukanyaga chini kwa nguvu, kupumua taratibu, kutaja vitu tunavyoviona mbele yetu mpaka woga upungue. Mwanangu, ilifanya kazi! Wiki ya tano nilisimama kando ya barabara, pikipiki tatu zikapita, na nikabaki nimesimama. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Halafu wakanichagua kufundishwa kuwa msikilizaji, niwasaidie wanawake wengine. Mimi, niliyeacha shule darasa la tano! Furaha ile sina namna ya kukueleza. Kila jioni nilifika na neno jipya, na kila neno lilinifungulia jambo: kwa nini mama yangu alikuwa mkali, kwa nini mimi mwenyewe nilikuwa nawapigia watoto kelele. Niliacha kelele. Watoto walishangaa. Nilianza kuongea polepole, kufikiri kabla ya kujibu, kulala vizuri.

Sasa fikiria upande wa Baba Neema. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa utani na masikio makubwa, aliyeniburudisha miaka yote ya shida kwa vichekesho vyake. Hayo ndiyo aliyokuwa anayaweza, na ndiyo yaliyotuvusha. Ghafla mke wake hacheki. Akichelewa, anaambiwa anakwepa. Akikasirika, anaambiwa hiyo hasira ni ya marehemu baba yake. Akinyamaza, mke anatikisa kichwa kama amepata jibu. Hakubakiwa na mlango hata mmoja wa kutokea. Akaanza kuniita Dokta, mbele ya watoto, na mimi nikachomwa na jina hilo kuliko tusi, nikaandika kwenye daftari kwamba ananidharau. Haikunijia hata mara moja kwamba na yeye alikuwa anadharauliwa.

Kosa lenyewe kubwa lilikuja darasani. Mama Pelajia, aliyekuwa anatufundisha, aliomba mfano wa mtu anayebeba uchungu bila kuusema. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Nikasimulia habari ya "mwanaume mmoja" aliyembeba mama yake mgongoni siku ya kukimbia, akamweka chini kwenye kijito ili amchotee maji, na aliporudi na maji mikononi akakuta ameshakata roho. Sikutaja jina. Nikasema tu kwamba sasa ni fundi cherehani, na kwamba hajawahi kulia. Wenzangu walifuta machozi, na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia nimefaulu.

Baba Neema alikuwa amenisimulia hayo mara moja tu katika ndoa yetu, uso ameuelekeza ukutani.

Wiki haikuisha. Mwenzangu mmoja wa darasani alipeleka kitambaa sokoni kwa Baba Neema, na kwa huruma yake yote akamshika mkono, akamwambia, "Pole, Papa, kwa ajili ya mama yako kule kwenye maji."

Alirudi nyumbani mchana. Hakupiga kelele. Alianza kufungua cherehani yake ya nyumbani kutoka kwenye meza ili aifunge kwa kamba.

"Minaenda Bogoro kwa dada yangu," alisema. "Kule hakuna mutu mwenye kunisoma."

Nikauliza kumetokea nini, naye akanijibu, "Mama yangu umemufanya exercice." Yaani zoezi la darasani.

Je, niliomba msamaha palepale? Ningekuwa na akili, ndiyo. Nilitoka mbio mpaka kituoni, jasho linanitiririka, nikamkuta Mama Pelajia anapanga viti, nikamwaga yote: mume wangu anakataa uponyaji, anakimbia, amejifunga, na mimi nimefanya kila kitu. Nilikuwa na uhakika atanipa pole.

Akaniketisha. "Mama Neema, yeye alikuambia nini? Si maneno yako. Yake. Nipe moja tu ya mwezi huu, kabla ya leo."

Nikatafuta. Mwanangu, mwezi mzima, na nilichokumbuka ni uso wa njaa peke yake.

"Na hilo ulimujibu aje?"

Nikamwambia. Yule mama alishika kichwa kwa mikono miwili, halafu akacheka mpaka nikaona aibu. Kisha akaacha kucheka, na sijawahi kukaripiwa vile tangu nimezaliwa. "Siku ya kwanza nilibaambia nini? Mambo ya mutu hayatoke. Hata bila jina, hayatoke, juu Bunia ni kidogo. Na tena musikilizaji hatibu watu ba kwake. Kwako weye si musikilizaji. Weye ni bibi yake. Ule mwanaume alikuoa, hakujiandikisha kwetu. Kesho utasimama mbele ya bamama uombe masamaha. Leo, uende nyumbani, na hii daftari ibakie hapa."

Nikaliacha. Mikono ilikuwa myepesi njiani, sikujua niiweke wapi.

Cherehani ilikuwa tayari imefungwa kwa kamba mlangoni, mwenyewe anangoja pikipiki. Niliomba msamaha kwa habari ya mama yake, moja kwa moja, bila maelezo. Akasema, "Umenipa haya sana." Nami, kwa mazoea, nikaanza kurudisha maneno yake kama tulivyofundishwa: "Nasikia unasema nimekupa haya..."

"Usinifanyie ile ya semina!" akapaza sauti.

Basi nikaishiwa. Nikakaa chini kwenye kizingiti, nikasema ukweli: "Sijui tena niseme nini, Baba Neema."

Nadhani hilo ndilo alilokuwa analingoja. Aliketi juu ya cherehani yake, akasema akiangalia barabara, "Mimi sijashona nguo ya mutu bila kumupima. Weye kila siku unanivalisha nguo umeshona peke yako kule. Hii ni hasira, hii ni woga. Hauniulize kama inanienea." Akakaza kamba ya cherehani. "Na woga iko. Hapo ulipata. Lakini si ile ya vita. Minaogopa weye. Uko unapanda, mimi minabakia hapa na mikasi. Siku moja utaniangalia sawa mugonjwa wako, na utaona huruma, na huruma si mapendo."

Nilitaka kumjibu mambo kumi. Sikujibu hata moja. Nilimwambia tu kwamba hata mimi naogopa, kwamba najifunza mbio kwa sababu nimechelewa maisha yangu yote, na kwamba utani wake nimeukosa. Pikipiki ikafika. Akaenda.

Ndiyo, alienda! Usidhani msamaha ni dawa ya dakika moja. Siku nne alikaa Bogoro. Mimi nikasimama mbele ya wenzangu nikakiri, wakanipokea. Kisha nikarudi kwenye nyumba isiyo na mlio wa cherehani, na nikajua vizuri ningepoteza nini.

Siku ya tano natoka kisimani na ndoo, nakuta cherehani ipo kwenye meza yake! Mwenyewe amesimama mlangoni, amenipa mgongo, mkononi ana ile chaki ya kuchorea vitambaa. Nikasogea. Chini ya zile nyuso nane alikuwa anamalizia ya tisa, juu ya ubao wa mlango: mashavu yamebonyea, mdomo wazi, macho yametoka, na masikio makubwa kama yake. Akaweka kidole juu yake bila kugeuka.

"Hii njo ilikosekana," akasema.

Nilicheka mpaka ndoo ikanimwagikia miguuni! Nilicheka na kulia pamoja, yeye naye mabega yanamtikisika, na majirani wakatoka kutazama kuna nini. Nikapika fufu na mboga ya lengalenga kwa haraka ambayo hujawahi kuiona.

Hajawahi kuja kituoni, mpaka leo. Lakini mwaka uliofuata, siku moja namshikia kitambaa kirefu akipitisha sindano, alianza mwenyewe kunisimulia kuhusu mama yake, nyimbo zake, jinsi alivyokuwa mkali kwa mbuzi. Nilishika kitambaa. Sikutaja neno lolote la darasani. Na hayo mengine aliyosema siku ile sikwambii, maana nimejifunza.

Kwa hiyo soma, mwanangu. Usirudi nyuma hata hatua moja ili mume wako ajisikie mrefu. Lakini ukifika nyumbani, mweleze yanayotokea ndani yako, si yaliyoharibika ndani yake. Muulize kabla ya kumpa jina la anachokisikia, na akisema siyo, iwe siyo. Siri yake isitoke, hata bila jina. Akitania, cheka kwanza. Na yeye, mwambie kutoka kwangu, asikuite Dokta. Aseme "naogopa" mapema, kabla hajafunga mizigo.

Mungu akufungue akili na asikufunge masikio. Akupe kusoma mpaka ufike unapotamani, na kila jioni ukirudi ukute mlangoni mtu anayekuchekesha. Sasa nenda nyumbani, na hilo daftari liache hapa kwangu mpaka kesho.