Krediti Kumi za Stefania

Kwenye meza ya kupimia ubora wa korosho, katika ghala la ushirika la Kilangala, kisu cha Stefania kimelala bila mtu wa kukishika. Wenzake bado hawajazoea kutomwona.

Alikuwa na stashahada ya kilimo na vyeti viwili. Kimoja, chenye mhuri wa dhahabu, alikipata kwa kampuni ya ukaguzi wa mazao, nacho ndicho kilichompa kazi. Kingine kilikuwa karatasi ya matokeo ya kozi fupi ya chuo kikuu, ya ubora wa vyakula. Alipodahiliwa shahada, akaenda ofisi ya chuo mjini Lindi kuomba asirudie somo hilo, na akatanguliza cha dhahabu.

"Hiki hakina krediti za chuo, binti," akasema mzee Haruna, ofisa wa udahili. "Ni cha kazini. Utasoma kama wenzio."

"Na hiki?"

"Kakozi ka wiki nane? Acha masihara."

Stefania hakuinuka.

"Shikamoo nimeshakupa, baba. Mimi gunia silihukumu kwa maandishi ya nje, napasua korosho nione ndani. Na wewe pasua. Mtihani nilifanya, krediti kumi zimeandikwa, mtaala huu hapa."

Haruna akavaa miwani. Akalinganisha mada moja baada ya nyingine na za somo la shahada, akakuna kidevu.

"Mbishi wewe! Zinalingana. Lakini kamati ndiyo inayoamua."

"Ipelekee. Siondoki Lindi bila jibu."

Leo Stefania yuko mwaka wa kwanza wa shahada, na somo la ubora wa vyakula halisomi.