Kadi za Kwenye Mkebe wa Biskuti

Miaka sita nilikaa peke yangu kwenye meza ya mapokezi ya daktari wa meno, ghorofa ya kwanza, katikati ya mji wa Kisumu. Majibu yote ya simu yalikuwa kichwani mwangu. Nilijua ni nani wa kuharakishiwa na ni nani wa kubembelezwa, maana wengi walipiga kutoka vibanda vya simu, sarafu mkononi, na ukiwazungusha sana laini ilikatika kabla hawajajua waje lini. Nilikuwa nikijiona, na sikuona aibu kujiona.

Kisha daktari akaleta msichana. Alitoka chuo cha uhazili, sketi imepigwa pasi, na mbwembwe hana. Kazi iliongezeka, daktari alisema, na mgeni angejaribiwa kwa miezi mitatu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Mimi niliugua.

Wiki mbili za kwanza alikaa tu kando yangu na daftari, akisikiliza. Wiki ya tatu alikuja na mkebe mtupu wa biskuti na kadi nyeupe alizopiga taipu mwenyewe, kila kadi jibu moja. Alizigawa mafungu matatu kwa vipande vya boksi: za kuandikisha nafasi, za waliochelewa, za wanaotaka kubadilisha siku. Palipohitaji jina au saa aliacha nafasi yenye mstari, ili anayesoma ajaze kwa mdomo. Simu ikilia, vidole vyake vilienda kwenye fungu, kadi ikatoka, akasoma kama mtu anayeongea tu, akaandika kwenye kitabu cha miadi, akaweka chini simu. Sarafu moja ilitosha.

Daktari alimsifu mbele ya wagonjwa. "Hii ndiyo kazi," alisema. "Hata akiugua mtu, majibu yanabaki." Akanigeukia mimi: "Na wewe uzitumie."

Sikuzitumia, wala sikufungua mkebe ule hata siku moja. Nilisema moyoni, mtu mzima hasomewi jinsi ya kusema pole. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo nikangoja atie maji. Hakutia. Wagonjwa walianza kuuliza, "Yule dada mwingine yuko?" Mama mmoja wa Milimani, ambaye miaka yote alikuwa akiniletea maparachichi ya shambani kwake, siku moja alileta mfuko na kuuweka upande wa pili wa meza. Maparachichi! Nilikwenda nyumbani Manyatta nimevimba kwa ajili ya maparachichi, na chakula cha jioni sikukionja.

Jumanne moja, mgeni akiwa ametumwa posta, daktari alisimama mlangoni pangu. Kuanzia wiki ile angekuwa akienda kila Jumamosi kwenye hospitali ya misheni ng'ambo ya ghuba, na kwetu kungefungwa. Zamu ya Jumamosi mapokezini ilikuwa yangu peke yangu. "Piga mstari kwenye Jumamosi zote kitabuni," alisema, "na umwambie mwenzako abadilishe kadi yake."

"Sawa, daktari," nikasema.

Mwenzangu aliporudi kutoka posta aliniuliza kama kuna jipya. Nikamwambia hakuna. Sikupiga mstari. Nilijiambia nitapiga kesho, na kesho yake nikajiambia hivyo hivyo. Kadi iliyopitwa na wakati haijui kwamba imepitwa. Atakayeisoma ataisoma kwa sauti ile ile nzuri. Hilo nilitaka litokee, na nisijifanye leo kwamba sikulitaka.

Alhamisi nikamsikia akisoma: "Jumamosi tunafungua saa mbili hadi saa sita. Nikuandike saa mbili na nusu?" Alipoinuka kwenda kuchemsha chai nikatazama kitabu. Lilikuwa jina la mama muuza mitumba wa Otonglo, na mbele yake alikuwa ameandika: shavu limevimba. Nilisoma maneno hayo yote. Nikafunga kitabu.

Jumatatu asubuhi mama yule alikuwa benchi la mbele, amejifunga leso kuanzia kidevuni hadi utosini. Uso ulikuwa umejaa upande mmoja, jicho limekuwa dogo. Alimwambia daktari kwa shida, "Nilifika hapa saa mbili, mlango ilikuwa imefungwa. Nilikaa kwa ngazi mpaka saa sita. Hiyo jino imenimaliza, daktari. Jana hata kanisa sikuenda."

"Nani alikuambia uje Jumamosi?"

Mwenzangu alisimama. "Ni mimi, daktari. Kadi yangu inasema tuko wazi."

Hakunitazama, maana hakuwa na sababu ya kunitazama, hakujua kitu. Daktari alimgeukia. "Miezi yako mitatu inaisha Ijumaa," alisema taratibu. "Nitafikiria kama utarudi." Akamwambia mama avumilie, ataingia baada ya aliye kitini, akarudi ndani na mlango akauacha wazi kidogo.

Msichana alikwenda kumletea mama maji. Hapo ndipo nilipofungua mkebe kwa mara ya kwanza, niitafute kadi ya Jumamosi niichane. Nikaanzia fungu la waliochelewa. "Pole kwa safari, mama. Ukifika kabla ya robo saa kupita utaingia moja kwa moja. Ikizidi, utangojea nafasi, lakini hatutakurudisha na maumivu yako." Nikarudia kusoma. Hatutakurudisha na maumivu yako. Hayo nilikuwa nikiyasema mimi, miaka sita. Nikatoa nyingine, ya kubadilisha siku: "Si neno, tunabadilisha. Asante kwa kutuambia mapema, sasa mwingine atapata nafasi yako." Yangu. Nikatoa nyingine, nayo yangu, hata ile ya Kijaluo niliyokuwa nikiwaambia wazee. Wivu wote ule, kumbe nilikuwa nikiyaonea maneno yangu mwenyewe.

"Nilidhani ulijua," alisema nyuma yangu. Alikuwa amerudi na gilasi tupu. "Zile wiki mbili nilikuwa naandika tu vile unawajibu. Ya Jumamosi peke yake ndiyo nilitoa kwa kibao cha mlangoni."

Nikazirudisha kadi mkebeni. Alikaa, akaingiza kadi mpya kwenye taipu na kuikaza. "Tuko na za mgonjwa akichelewa na za mgonjwa akibadilisha. Hakuna ya sisi tukikosea. Wewe huwaambia nini?"

Nilitafuta kichwani. Miaka sita, na hapo palikuwa patupu, kwa sababu miaka yote sita nilikuwa nikiwaacha waamini kosa ni lao.

"Andika," nikamwambia. "Pole, mama. Kosa ni letu, si lako." Taipu ikagonga. "Utaingia kabla ya wengine." Ikagonga. "Tulijua tutafunga, na hatukukuambia."

Vidole vikasimama. Alinigeukia, na nikaona akirudi nyuma kichwani mwake, siku kwa siku, mpaka akafika Jumanne. Hakunitukana. Aligonga maneno yale hadi nukta, akaitoa kadi, akainyoosha kwangu. Hakusema nani aisome.

Nikaenda kwenye benchi nikainama mbele ya leso ile na kusoma. Nilipofika mwisho mama aliinua jicho lake moja zima.

"Nyara," akaniita kwa Kijaluo, kama mama anavyomwita bintiye, "ni nani alijua?"

Kwenye kadi hapakuwa na jibu la hilo. Mlango wa daktari bado ulikuwa wazi, na mashine ya kutoboa meno huko ndani ilikuwa imenyamaza.

"Ni mimi," nikasema, kwa sauti ya kufika ndani.