Povu la Dawa Mgongoni mwa Mama Watoto

Jumamosi ya mwisho wa Agosti. Asubuhi ukungu, mchana manyunyu, saa tisa jua likachungulia kidogo likaondoka.

Leo mke wangu amejaribu gauni la sendofu, sherehe ya kumuaga mdogo wake anayeolewa. Limeachwa wazi mgongoni, ndivyo walivyokubaliana wanawake wa upande wao. Tangu Juni alikuwa akisema hatalivaa na sendofu yenyewe hataenda, kwa sababu mgongo na kifua vilijaa chunusi, nyingine kubwa za kuuma. Mdogo wake ni mmoja tu. Nilimwonea huruma, ila sijui kama nilimsaidia sawasawa.

Yeye huchuma chai. Kikapu kinakaa mgongoni kutwa, na chini yake amejifunga nailoni kuzuia mvua. Jasho linabaki humo humo, na mikanda ya kikapu inasugua palepale. Dada wa duka la dawa mjini ndiye aliyetueleza hayo, akatuuzia sabuni ya maji yenye benzoili peroksaidi.

"Paka, acha dakika mbili tatu, ndipo usuuze. Asijisugue na dodoki, asizitumbue. Nguo yenye jasho aivue mapema, avae ya pamba. Na msinijie wiki ya kwanza kulalamika."

Mgongo mtu hajifikii mwenyewe, kwa hiyo kupaka ikawa kazi yangu. Lakini kwa baridi ya huku, povu likitokea tu namwagia maji. Wiki tatu zikapita bila nafuu. Nikaanza kumsema vibaya yule dada wa watu, na hapo sikumtendea haki. Mama yangu alitusikia akiwa nje ya bafu.

"We baba, unaogesha mtu au unazima moto?"

"Baridi, mama!"

"Si umlete jikoni kwenye figa?"

Tukahamia jikoni, mlango tumeufunga. Nikishapaka, mke wangu anaimba wimbo wa kwaya beti mbili, ndipo nasuuza. Na kazini akishapimiwa majani tu, anavua blauzi iliyolowa jasho anavaa fulana kavu. Kitenge cha mama nilichomfutia kikatoka mabaka meupe, kumbe dawa ile inafifisha rangi. Mama akasema sasa amevaa ng'ombe.

Leo bibi harusi mwenyewe alikuwepo.

"Dada, hebu geuka. Mbona pazuri!"

"Usinidanganye. Baba, sema wewe."

Niliangalia vizuri. Nikasema za kuuma hazipo, vipele vidogo vimebaki viwili vitatu, na madoa meusi yapo, hasa begani.

"Shemeji, ungeishia hapo kwenye 'hazipo'!"

Mke wangu akacheka mpaka akashika ukuta. "Huyu ndiye namwamini. Nalivaa."

Alikataa kulivua mpaka giza lilipoingia, basi nikapika mimi. Tumekula ndizi kwa maharage. Chumvi ilizidi, lakini sufuria imebaki tupu.