Marobota ya Bana Chanda

Nakumbuka jioni moja, mwanangu, Bana Chanda amekalia marobota yake dukani kwangu Tunduma, viatu kavua, ananicheka ninavyopanga vitenge kwa rangi.

"Wewe dada, hata vumbi lako linakaa kwa mstari!"

Alikuwa mama mfanyabiashara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia, na "Bana" kwao ni "Mama". Alinunua kwangu, akalipa, kisha akaniachia mzigo mpaka apate gari. Ndivyo tulivyozoea. Kila robota niliandika jina lake kwa kalamu nene, maana kitu kisichonyooka kinaninyima usingizi. Biashara sikufundishwa na mtu. Kwa hofu ya kukosea nikakata bima ya moto, lakini mkataba wenyewe niliukunja vizuri nikautunza bila kuusoma. Naona haya mpaka leo.

Moto ulianzia kwenye nyaya za duka la jirani. Langu likateketea. Nikatoa taarifa polisi na kwenye kampuni ya bima siku ileile, wakamtuma mkadiria hasara, kijana mpole. Akapitia risiti zangu za manunuzi, akapekua mabaki, akasimama penye robota lililoungua nusu.

"Hili la nani, mama?"

"La mteja. Alishalipa."

Akatoa nakala ya mkataba, akanisomea: kinga ni ya bidhaa zilizo mali ya mwenye bima. Za Bana Chanda nilishauza na pesa nilishapokea. Hazikuwa zangu tena. Kungekuwa na kifungu cha bidhaa za watu ninazotunza, na thamani yake ikajumlishwa kwenye kiwango cha bima, zingelipwa. Sikuomba, na wakala aliyeniuzia bima hakuuliza. Hata zangu zililipwa kwa bei ya kununulia.

"Tunakurudisha pale ulipokuwa, mama," alisema. "Faida haimo."

Bana Chanda alinisikiliza amesimama.

"Mimi sikuiachia kampuni, dada. Nilikuachia wewe."

Fidia ilipotoka, nilimnunulia mzigo wake wote kwanza. Kilichobaki kilijaza rafu mbili. Akashukuru, akapakia hapohapo. Bado ananunua kwangu, lakini gari humsubiri mlangoni likiunguruma. Hakai. Jioni nyingine najikuta nimesogeza marobota mawili karibu na kaunta, nami najua hakuna atakayeyakalia.

Sasa unafungua duka Isongole, na wateja wa Malawi watakuachia mizigo vilevile. Usiwakatalie. Ila kabla hujasaini, soma mkataba wote, hata kama wakala anaangalia saa. Uliza unalinda mali ya nani, ikiwa wapi, na italipwa kwa bei gani. Mweleze biashara yako ilivyo kweli, mizigo ya watu ikiwemo, na akikubali akuandikie humohumo kwenye mkataba, asikuahidi kwa mdomo tu.

Mungu akuepushe na moto, mwanangu. Akujalie wateja wanaovua viatu dukani kwako, wakasahau kwamba giza limeingia.