Safu ya Malazi Kwenye Ratiba ya Safari

Katika nyumba yetu mimi ndiye wa kwanza kupata stashahada, na niliilipia mwenyewe kwa kubeba magunia ya mahindi sokoni Sumbawanga, kisha kwa kuuza dukani kwa mtu mwingine Dar es Salaam hadi nikamaliza chuo cha ununuzi na ugavi. Nimerudi nyumbani na duka langu la vifaa vya ofisi, nyumba ya vigae na kompyuta mbili. Nayasema haya mapema ili msomaji aelewe kwamba nilipopanga safari ya familia kwenda Zambia, sikupanga kwa kubahatisha.

Safari yenyewe ilikuwa ya mama. Dada yake mkubwa, ambaye sisi tunamwita mama mkubwa, aliolewa ng'ambo ya mpaka, kijiji kilicho pembeni ya mji wa Mbala. Hawakuwa wameonana tangu tulipomzika baba, miaka mingi sasa. Mwezi wa tano zilikuja habari kwamba mama mkubwa miguu imemkatalia, hatoki tena nje ya ua. Mama alipokea simu ile akiwa anapepeta ulezi kijijini kwake, Mollo. Hakulia. Aliniambia tu, "Baba, nipeleke."

Jumapili iliyofuata niliketi dukani nikatengeneza jedwali. Safu saba: tarehe, kutoka na kwenda, usafiri, saa ya kuondoka, saa ya kufika, malazi, gharama. Watu watatu: mama, dada yangu na mimi. Siku ya kwanza, Noah ya kukodi ituchukue Sumbawanga saa moja asubuhi, tupitie Mollo kumchukua mama, tupite Matai, tufike mpakani Kasesya saa nne. Hapo saa nzima ya Uhamiaji pande zote mbili na kubadili shilingi kuwa kwacha. Kisha taksi hadi Mbala. Usiku tatu. Siku ya nne kurudi. Chini nikaweka mstari wa dharura, sehemu moja ya kumi ya jumla, maana bajeti isiyo na dharura ni hadithi. Mimi nina pasipoti. Mama na dada niliwashughulikia hati za dharura za kusafiria, na nikaambatisha nakala nyuma ya jedwali. Nikachapa nakala tatu za rangi.

Jioni nilikwenda Mollo nikawasomea kwa sauti, mstari kwa mstari. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa, mikono mapajani. Nilipofika mwisho alisema, "Ahsante, baba. Nendeni nyinyi wawili."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Twende sisi? Safari ni yako, mama."

"Mtanisalimia dada yangu."

Akainuka, akachukua begi lake dogo lililokuwa tayari karibu na mlango, akatoa kitenge kipya na kukirudisha sandukuni. Kitu kimoja kimoja, kama mtu anayefungua mzigo baada ya safari, wala si kabla.

Nikatoka nje na dada yangu. Baridi ya Juni ilikuwa inakata masikio. "Amepatwa na nini?" nikamuuliza.

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye uliyesoma." Akakunjua nakala yake. "Hebu nieleze hapa. Tunaondoka mpakani saa tano kamili, tunafika Mbala saa nne na dakika arobaini na tano. Hiyo taksi inakwenda kinyumenyume?"

Nikafurahi, nikaamini nimepata tatizo. Nikarudi ndani nikamweleza mama kwa utaratibu. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Mwendo ni dakika arobaini na tano, lakini ukivuka, saa inarudi, kwa hiyo utafika saa ya kwao iliyo ndogo kuliko ile uliyoondokea kwetu. Hata simu itajirekebisha yenyewe. Jedwali langu lilikuwa sahihi kabisa. Wengi wangekosea hapo, na mtu akikosea hapo atachelewa gari la kurudi au atakuta geti limefungwa.

"Nimeelewa," mama akasema. "Wao wako nyuma."

"Basi tunakwenda?"

"Nendeni, baba."

Usingizi ulikuja kwa shida. Asubuhi nilipitia jumla mara tatu kwa kikokotoo. Ilikuwa sawa. Nikafikiri labda gharama zimemtisha, kwamba anaona ananimaliza. Nikachapa jedwali jipya lisilo na safu ya gharama na kumpelekea. Akalikunja vizuri, akaliweka chini ya godoro, akaniuliza kama nimekula.

Nikafikiri basi ni starehe. Miaka yake si ya kulala popote. Nikampigia simu mwenye nyumba ya wageni ya Mbala nilikokuwa nimeweka nafasi, nikahamia nyingine nzuri zaidi, yenye maji ya moto na blanketi mbili kila kitanda, nikalipa kianzio. Nikachapa mara ya tatu. Kwenye safu ya malazi niliandika kwa herufi nene: gesti, vyumba viwili, maji ya moto.

Mara hii mama hakulipokea jedwali. Alilitazama mkononi mwangu tu. Dada yangu aliyekuwa akimenya viazi akacheka, cheko lisilo na furaha.

"Maji ya moto," akasema. "Mdogo wangu, kweli wewe ni bosi. Mkeka wa mama mkubwa utakuchubua ngozi."

"Nani kasema habari za mkeka? Namtafutia mama pazuri."

"Mtafutie."

"Kama kuna kosa semeni! Mimi si mchawi nijue yaliyo moyoni mwa watu."

Nilipaza sauti mbele ya mama, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu utoto. Zilikuwa zimebaki siku tatu. Noah nilikwisha ilipia nusu, hati zina mwisho wake, na kule ng'ambo kuna mwanamke asiyeweza kusimama anayeambiwa kila siku kwamba mdogo wake anakuja. Mimi niliyepangia watu wazima safari za mizigo kutoka bandarini, nilishindwa kumpandisha mama yangu gari.

Mama akamwambia dada yangu alete maji. Dada alipotoka, mama akanigeukia.

"Hiyo gesti ni ya nani?"

"Ya mfanyabiashara mmoja wa pale."

"Ni ndugu yetu?"

"Hapana, mama."

"Siku ya msiba wa baba yako, mama yako mkubwa alilala wapi?"

Sikukumbuka. Nilikumbuka baridi, maturubai na moshi. Nikasema labda hapa ndani, na wanawake wengine.

"Alilala kwa jirani," mama akasema. "Dada wa mjane hulala sakafuni pembeni ya mjane, mpaka matanga yaishe. Yeye alitoka Zambia, nusu ya njia kwa miguu, akafika jua limezama. Akaambiwa chumba kimejaa, jina lake liko nyumba ya pili. Kulipopambazuka alikunywa maji, akaniaga mlangoni, akaondoka. Hajarudi tena kwangu."

"Nani alimwambia hivyo?"

Mama alinitazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililonichanganya kuliko yote.

"Ilikuwa imeandikwa," akasema. "Kwenye daftari."

Ndipo nikaliona daftari. Jalada la kijani. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nimekuja mazishini, na wazee wakasema huyu msomi atupangie wageni. Nilipiga mistari kwa rula. Majina, wanakotoka, idadi, pa kulala. Nilihesabu mikeka na kugawa vyumba, waliowahi karibu, waliochelewa mbali. Watu walinisifu. Mjomba mmoja alisema hajawahi kuona msiba wenye mpangilio kama ule, na sifa hiyo nimetembea nayo miaka yote, nikiwasimulia hata wafanyakazi wangu.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ulikuwa umemzika baba yako. Ningekuambia nini?" Akavuta ungo wa ulezi karibu. "Naenda kwa dada yangu nikalale kwake. Sina shida nyingine huko. Nikifika Mbala nikalala kwa mfanyabiashara, heri nisivuke."

Nilirudi dukani nikafungua kompyuta. Sikuchapa upya. Nilichukua nakala ile ile, nikakata maneno ya gesti kwa kalamu, nikaacha mahali pale patupu. Nilipompelekea, mama alikitazama kile kisehemu kilichokatwa, akaenda sandukuni, akatoa kitenge.

Tuliondoka tarehe iliyopangwa, saa iliyopangwa. Tulikuwa na gunia la ulezi na kuku wawili ambao hawakuwamo kwenye jedwali. Mstari wa dharura uliwabeba. Kasesya tulifika dakika kumi kabla ya muda wangu. Tulipovuka, simu yangu ikarudi saa moja nyuma kama nilivyosema, na dada yangu akawatangazia wote waliokuwa kwenye taksi kwamba mdogo wake ndiye aliyewapa saa moja ya bure.

Mama mkubwa alikuwa ameketishwa kwenye kigoda mlangoni. Mama alipiga magoti tangu getini. Walisalimiana kwa Kifipa, taratibu, mikono imeshikana, na mimi nikasimama na kuku nisijue niwaweke wapi. Hakuna aliyetaja msiba.

Baada ya ugali, mama mkubwa akagawa mahali pa kulala. Aligawa bila karatasi. "Mdogo wangu atalala na mimi, kitanda kimoja. Huyu binti, chumba cha wajukuu." Kisha akanitazama mimi, kuanzia viatu kwenda juu. "Na wewe mwandishi, nyumba imejaa. Utalala kwa jirani."

Dada yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mama mkubwa hakucheka. Nilimtazama mama anisaidie kujua kama ni utani au hukumu, lakini alikuwa amekwisha inuka, anatandika kitanda cha dada yake, mgongo ameupa mlango.

"Shikamoo, mama mkubwa," nikasema, ingawa nilikwisha msalimia.

"Marahaba. Nyumba ya pili, mlango wa bati. Wanajua kwamba unakuja."

Nilichukua begi langu. Yule jirani alinikaribisha vizuri, akanipa mkeka na blanketi moja, wala hakuuliza lolote. Mpaka leo sijui aliambiwa lini kwamba ninakuja, asubuhi ile au miaka ile.