Asiyejibu Atafuatwa

Bi Mwatum, katibu wa kikundi chetu cha mwani hapa Gando, hana imani na alama za buluu za wasapu. Zinaonesha kuwa simu imefunguliwa, husema, hazioneshi kuwa mtu ameelewa.

Juzi mwenyekiti aliweka mkutano wa Jumamosi saa nne asubuhi, akasahau kuwa ni bamvua na saa hizo maji yamekupwa, sote tuko pwani tunavuna. Bi Mwatum alinuna, kisha akaandika kwenye kundi:

"Mkutano wa Jumamosi si saa nne asubuhi tena. Ni saa kumi na nusu, baada ya sala ya alasiri, skulini pale pale. Kila mmoja aandike jina lake na saa mpya. Asiyejibu nitamfuata mlangoni kwake."

Majibu yakaingia. Bi Tatu, asiye na simu, alifuatwa kweli, akatamkishwa saa mpya mara mbili ndipo akaachiwa aendelee kukuna nazi.

Jioni wote walikuwa wamejibu, isipokuwa Shadya, binti wa Bi Mwatum mwenyewe. Shadya yuko Maskati mwaka wa tatu sasa, anafanya kazi za nyumbani. Jina lake mama yake hakubali litolewe kwenye kundi, na hakuna anayethubutu kumwuliza sababu.

Tulikuwa tunaanika mwani simu ya Bi Mwatum ilipolia. Aliisoma, akanipa, akageukia kamba zake.

Shadya ameandika: "Mimi sijajibu, mama. Nifuate."