Arobaini kwa Sitini

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilifundisha ushonaji katika chuo kidogo cha ufundi huko Makadara. Mkuu wetu alikuwa bingwa wa hesabu. Alijua kujumlisha.

Sheria ya chuo ilisema kazi za mwaka zibebe arobaini kwa mia, na mtihani sitini. Kazi za mwaka tulizisahihisha juu ya hamsini, mtihani juu ya mia na ishirini. Mkuu alijumlisha zote, akagawanya kwa mia na sabini, akatoa asilimia. Daraja la Credit, lililo juu ya Pass, lilianzia sitini.

Kulikuwa na msichana wa Kaloleni, fundi kweli, aliyepata arobaini na tano katika kazi za mwaka na arobaini na nane katika mtihani. Mkuu alimpa hamsini na tano, yaani Pass tu. Mpwa wa mwenyekiti wa bodi, ambaye blauzi yake ilikuwa na mikono miwili ya kushoto, alipata ishirini katika kazi za mwaka na themanini na nne katika mtihani. Huyo akapewa sitini na moja. Credit!

Nikaenda ofisini. "Bwana Mkuu, hapa kazi za mwaka hazibebi hata thelathini kwa mia."

"Mwalimu, nimejumlisha mara mbili."

Hilo sikulitilia shaka. Nikamwomba ageuze kila alama kwanza, ndipo ajumlishe. Arobaini na tano juu ya hamsini ni thelathini na sita juu ya arobaini. Arobaini na nane juu ya mia na ishirini ni ishirini na nne juu ya sitini. Msichana akafika sitini kamili. Mkuu akatabasamu, mpaka tulipofika kwa mpwa: kumi na sita kujumlisha arobaini na mbili. Hamsini na nane.

Ghafla moyo wake ukajaa huruma kwa vijana wote wa Kenya. "Mtihani wa mwaka huu ulikuwa mgumu mno. Tushushe mpaka wa Credit uwe hamsini na nane."

"Huenda," nikasema. "Tuangalie kazi zenyewe."

Tukafunika majina. Tukatandaza mezani karatasi na nguo za waliopata hamsini na nane, kando ya zile za mwaka uliopita zilizopata sitini kwa hesabu hiyo hiyo mpya. Kama zingelingana, ningekubali. Walimu wenzangu wawili wakazipitia, wakasema za mwaka huu ni dhaifu. Kisha mmoja akainua blauzi fulani, akauliza ilishonewa binadamu yupi. Mkuu akaangalia dirishani.

Mpaka ukabaki sitini. Mpwa akapata Pass, na mjomba wake hakutusalimia muhula mzima, pigo tulilolivumilia vizuri sana. Msichana aliajiriwa na kiwanda cha nguo kule Industrial Area. Mama yake alikuja chuoni, akanikumbatia hadi miwani ikapinda.

Siku ya kutoa vyeti, Mkuu aliwaeleza wazazi jinsi alivyobuni njia mpya ya haki ya kukokotoa alama. Makofi yalikuwa mengi. Nami nilipiga.